Toa Sinia, Usinisubiri

Tangu nirudi kutoka Malindi mmekuwa mkinicheka hapa kiwandani. Mnasema Saumu siku hizi akichelewa dakika tano anatuma ujumbe wenye saa, mahali na sababu, utadhani polisi anatoa ripoti. Mmeniuliza yaliyonipata huko njiani, nami kila mara nikawajibu "ni mambo tu." Sasa nimeamua kuwaandikia, maana kuyasimulia kwa mdomo siwezi.

Mariakani hadi Bamba

Mnajua nilikuwa nakwenda kumwona Mama Rukia. Wasiomjua, huyu ndiye aliyenilea miaka minne ya sekondari. Kwetu Kakuyuni ni mbali na shule niliyopata, na baba hakuwa na namna, basi Mama Rukia akaniweka nyumbani kwake Malindi mjini kama mwanawe wa kumzaa. Mimi binti wa Kigiriama niliyezoea sima na mboga ya mnavu, yeye Mswahili wa mji mwenye kupika wali wa nazi kila Ijumaa. Sikuwahi kulala njaa kwake hata siku moja. Sasa ni mtu mzima, mumewe alifariki, watoto wake wako Arabuni, na mwaka huu alilazwa kwa ugonjwa wa sukari. Miaka mitatu sikuwa nimemtembelea. Aliponipigia akaniambia, "Njoo Jumamosi ule wali," niliona haya hata kabla ya kujibu.

Jambo moja lazima niwaeleze, la sivyo mtaona nilikuwa naogopa bure. Kwa Mama Rukia watu hula kwenye sinia moja. Sinia likishatengwa, kila mtu ana upande wake, na upande ulioelekezwa nyama nono ni wa mgeni. Mgeni asipokuwepo, upande wake haukai wazi watu wakala. Sinia hufunikwa kawa, mkasubiri. Nilipokuwa mwanafunzi tuliwahi kumsubiri shemeji yake kutoka Lamu tangu adhuhuri hadi alasiri, matumbo yanalia, na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono. Kuanza bila mgeni, kwake yeye, ni kumwambia mgeni kwamba si mtu. Anayeweza kuwafungulia wenyeji mlango wa kuanza ni mgeni mwenyewe, na hata yeye akisema mara moja huonekana anasema kwa adabu tu.

Nilipata lifti kwa Mutua, dereva wa pikapu ya kupeleka matangi ya maji. Ni Mkamba mpole anayeimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na ukimuuliza swali humaliza ubeti kwanza ndipo akujibu. Alikuwa na matangi mawili, moja la shule ya Bamba, moja la mtu wa Kilifi. "Tukitoka saa mbili, saa sita uko Malindi unanawa mikono," aliniambia. Nikamwamini, maana nilitaka kumwamini.

Barabara ya Bamba mnaijua. Vumbi liliingia hadi kwenye meno. Bamba tulifika saa nne, na hapo ndipo siku ilipoanza kuharibika. Mwalimu mwenye ufunguo wa lango alikuwa amekwenda matangani. Tulikaa kwenye kibanda cha chai, Mutua akala mahamri manne, mimi nikakataa hata moja kwa sababu nilikuwa nalitunzia tumbo wali wa Mama. Nilikuwa namtania kwamba yeye anakula chakula cha wafungwa na mimi naelekea karamuni.

Saa tano kasoro dakika ishirini simu ikalia.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Umefika wapi?"

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la Bamba, tangi bado liko juu ya gari, lango limefungwa. Nikasema, "Nimekaribia Kilifi, mama."

Wala sikufikiri. Neno hilo lilitoka lenyewe. Sisi wote hulisema. Mtu yuko bafuni anasema yuko barabarani, mtu yuko barabarani anasema yuko mlangoni, na anayeambiwa anajua na hakasiriki. Kazi yangu mnaijua ni kupima maziwa, na nimewarudisha wazee wa watu na mitungi yao kwa sababu ya kikombe kimoja cha maji. Lakini saa yangu mwenyewe nilikuwa naitia maji bila kupepesa jicho.

"Alhamdulillahi," akasema Mama. "Basi saa saba tutakula. Nitajipanga na sindano yangu."

"Sawa mama," nikamjibu, na nikakata simu nikiwa natazama kama mwalimu anakuja.

Bamba hadi mahali pasipo jina

Mwalimu alikuja saa tano na robo, akaomba radhi sana, akatuomba tumsaidie kulisukuma tangi. Tukatoka. Mutua alirudi kwenye wimbo wake. Nami nikawa napiga hesabu kichwani: Ganze, Kilifi, Gede, Malindi. Nikajidanganya kwamba nikichelewa sana ni nusu saa, na nusu saa Pwani si kuchelewa.

Hatukwenda mbali. Tairi la nyuma lilipasuka kwa kishindo, gari likayumba, tangi lililobaki likagonga kioo cha nyuma. Mutua alishuka akalizunguka gari mara mbili. Kisha akatoa tairi la akiba, akalibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama.

"Hii nayo haina upepo," akasema.

"Mutua, unatembea na tairi la akiba lisilo na upepo?"

"Lilikuwa na upepo mwezi wa pili," akajibu, na sikuwa na nguvu ya kumgombeza.

Pikipiki moja ilipita baada ya robo saa. Mutua akapanda nyuma na lile tairi la akiba mapajani kwenda Ganze kulizibisha, akaniachia funguo. "Saa nane tutakuwa tumeondoka hapa," akanipungia. Nikabaki mimi, gari, na vichaka vikavu. Jua lilikuwa utosini. Nikatoa simu nimwambie Mama, kumbe mtandao hamna, hata alama moja.

Hapo ndipo nilipolisikia upya lile neno alilolisema. Nitajipanga na sindano yangu.

Mwezi uliopita alikuwa amenieleza kwenye simu, kwa kirefu, jinsi ambavyo wagonjwa wa sukari hueleza mambo yao. Sindano yake ya mchana huichoma nusu saa kabla ya kula. Muuguzi alimwonya kwamba akishaichoma lazima ale, dawa ile inashusha sukari iwe imekuta chakula au haikukuta. Asipokula, jasho, mikono kutetemeka, maneno kuchanganyika, na mwisho wake ni kuanguka. Aliwahi kuanguka mara moja jikoni, jirani akamkuta.

Nikaitazama saa. Ilikuwa saa sita na dakika tano. Kwa sababu ya neno langu moja, Mama Rukia angechoma sindano saa sita na nusu. Angetenga sinia, angelifunika kawa, angekaa mkekani peke yake kunisubiri. Na angenisubiri mpaka nifike, kwa kuwa huyo ndiye Mama Rukia. Nami singefika kabla ya alasiri.

Niliogopa, jamani. Nilikimbia barabarani upande mmoja simu nimeinyanyua juu, nikageuka nikakimbia upande wa pili, natafuta mtandao kama mwendawazimu.

Kilimani

Mwanamke mmoja alikuwa anakuja na punda mwenye madumu manne ya maji. Alinikuta nimesimama katikati ya barabara namwambia Mungu maneno. Nilimwamkia kwa Kigiriama, akafurahi, akaniambia jina lake Dama, na kabla sijamaliza kueleza shida yangu akataka kujua ukoo wa baba. Nilimjibu mbio mbio.

"Mtandao uko kule," akasema, akaonyesha kilima kilichokuwa nyuma ya kanisa dogo la mabati. "Lakini si kilima chote. Ni pale kwenye jiwe jeupe. Ukisogea hatua mbili, hamna."

Alimfunga punda akanisindikiza. Sikumwomba. Alipanda mbele akiwa na viatu vya plastiki, mimi na viatu vyangu vya karamu nikawa nateleza nyuma yake. Tulifika kwenye jiwe saa sita na dakika ishirini na mbili. Alama moja ikatokea kwenye simu, ikapotea, ikatokea.

Nilipiga. Ikakatika kabla ya kuita. Nikapiga tena, ikakatika. Basi nikaanza kuandika, na hapa ndipo nataka msome polepole, maana nilifanya upumbavu wa pili.

Niliandika barua. "Mama yangu mpendwa shikamoo, naomba unisamehe sana, si kupenda kwangu, yule dereva aliniambia tungefika mapema, halafu mwalimu wa shule alikuwa na ufunguo, halafu tairi..." Nilieleza mpaka upepo wa mwezi wa pili. Nilikuwa natafuta namna ya kusema nimechelewa bila kukiri kwamba nilimdanganya. Nikatuma. Simu ikazungusha kile kiduara chake, ikazungusha, ikaniambia haikutumwa.

Dama alikuwa ananichungulia begani. "Unaandika posa?" akaniuliza. "Mtandao wa hapa haubebi mzigo mkubwa. Andika kama unapiga kelele ng'ambo ya mto."

Nikafuta yote. Nikajiuliza Mama anahitaji kujua nini. Anahitaji kujua niko wapi kweli. Anahitaji kujua nitafika saa ngapi, na asipewe saa ya kumfurahisha. Mkono wangu ulikuwa umeshaandika "saa nane na nusu," kwa sababu Mutua alisema tutaondoka saa nane, na nilitaka ionekane si mbali. Nikasimama nikahesabu sawasawa: tairi lizibwe, lirudishwe, lifungwe, tufike Ganze, Kilifi, na kutoka Kilifi hadi Malindi peke yake ni zaidi ya saa. Nikafuta, nikaandika saa kumi. Ilinichoma kuiona saa hiyo imekaa pale. Na anahitaji kujua la kufanya na chakula.

Niliandika hivi: "Shikamoo mama. Asubuhi nilikudanganya, sikuwa Kilifi. Niko kabla ya Ganze, tairi limepasuka. Nitafika saa kumi. Usinisubiri. Kama hujachoma sindano, ichome kwa saa yako. Kula."

Ujumbe ukaondoka. Saa sita na dakika ishirini na tisa. Nilikaa juu ya jiwe. Dama akatoa kipande cha muhogo wa kuchoma kwenye khanga, akakikata mara mbili akanipa nusu. Nilikitia mdomoni kwa adabu lakini hakikumezeka.

Dakika tano baadaye jibu likaingia. Lilisema: "Pole sana mwanangu. Nimeshachoma. Usijali, hatuna haraka, nitakungoja."

Nililisoma mara tatu. Dama akaniuliza kuna nini. Nikampa simu, akaniambia hajui kusoma, nikamsomea kwa sauti, na nilipofika kwenye "nitakungoja" nikaanza kulia.

"Huyo mama adabu yake imezidi," Dama akasema, si kwa kutukana. "Hata mimi ningengoja."

Na hiyo ndiyo iliyokuwa hofu yangu. Nilijua alichokisoma. Mimi nilikuwa nimeandika "usinisubiri," na yeye alisoma mtoto aliyelelewa vizuri anayejua kuomba radhi. Kwake neno langu lilikuwa heshima, si ruhusa. Ningesema mara kumi, angejibu mara kumi kwamba hana haraka. Na sindano iko mwilini, saa inakwenda.

Nikaandika tena: "Mama, nimekuruhusu kwa moyo wangu wote. Toa sinia sasa, ule sasa. Ukinisubiri utaanguka na kosa litakuwa langu." Ukaenda. Sikungoja jibu. Nilijua neno tupu halitoshi, kwa sababu ule upande wangu bado ungekuwa wazi, na Mama hawezi kunyoosha mkono kwenye sinia lenye pengo la mgeni. Lazima mtu akae pale.

Nikamkumbuka Bi Salma, jirani yake wa ukuta mmoja, yule yule aliyemkuta jikoni. Namba yake nilikuwa nayo. Nikampigia, ikakatika. Nikamwandikia: "Bi Salma shikamoo, ni Saumu. Mama ameshachoma sindano na ananisubiri mimi. Sifiki mpaka saa kumi. Nenda kwake sasa, kaa upande wangu, mle pamoja. Mimi mgeni nimesema."

Ukaenda. Saa saba kasoro dakika kumi na tano. Hakuna aliyejibu. Nilimpigia Mama, na safari hii simu ikaita. Iliita mpaka mwisho. Nikapiga tena, ikaita mpaka mwisho. Nikapiga ya Bi Salma, ikaita mpaka mwisho. Mnajua simu inayoita bila kupokewa inavyosikika ukiwa na hofu? Ni afadhali iwe imezimwa.

Nilikaa kwenye lile jiwe saa nzima. Dama alishuka kumnywesha punda akarudi. Hakuniambia nisiwe na wasiwasi, na namshukuru kwa hilo. Aliniuliza Mama huyo anapika nini, nikamwambia wali wa nazi na kuku wa kupaka, akasema basi atakula tu, hakuna awezaye kukaa na kuku wa kupaka akamtazama. Nilicheka nusu, nikapiga tena. Ikaita mpaka mwisho.

Ganze hadi Kilifi

Mutua alirudi saa nane kasoro, pikipiki iliyomleta ikapiga honi. Nilisita kushuka, kwa kuwa nikishuka nauacha mtandao. Dama akanisukuma begani. "Nenda, hapa huwezi kumlisha," akasema. Nikamkumbatia, vumbi langu na jasho lake.

Niliposhuka nilikuwa nimejiandaa kumtukana Mutua. Nilipomweleza, yeye akalifunga tairi bila wimbo. Gari lilipoondoka akasema, "Mimi nilikuwa nikuache Kilifi. Nitakupeleka mpaka mlangoni." Yule mtu wa Kilifi mwenye tangi akampigia simu tulipofika Ganze, nikamsikia anasema, "Bwana, leo sitakudanganya, nitalileta jioni." Sijui kama alisema hivyo kwa sababu yangu.

Ganze mtandao ulijaa tele na hakuna ujumbe hata mmoja. Nikapiga. Ikaita. Kuanzia hapo hofu ilikuwa imebadilika. Kilimani nilikuwa naogopa kwamba anasubiri. Sasa nilikuwa naogopa kwamba hasubiri tena. Nilimwona amelala ubavu kando ya sinia lililofunikwa, simu inaita juu ya kabati, na kila nilipopiga nilikuwa napiga kwenye nyumba yenye maiti. Nawaambia kama nilivyohisi, msiniambie nilizidisha.

Nilifikiri kumpigia mtu mwingine Malindi, nikagundua simjui mtu mwingine Malindi. Miaka mitatu bila kwenda, majirani wamehama, namba zimebadilika. Aibu hiyo nayo ilinikalia kifuani.

Kilifi tulisimama kutia mafuta. Mutua alininunulia viazi karai kwenye karatasi na pilipili ya ukwaju, akaviweka mapajani pangu. Nikavisogeza kando. Nikamtumia Mama ujumbe mwingine: "Niko Kilifi, safari hii kweli. Saa ya kufika ni ile ile, saa kumi. Natumaini umekula." Niliuandika kwa sababu nilikuwa nimejiahidi kilimani kwamba nikifika mahali nitasema mahali, hata kama hakuna wa kusoma.

Kilifi hadi Malindi

Njia ya Kilifi kwenda Malindi ni nzuri, lami tupu, na ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Msitu wa Arabuko ulikuwa mkono wetu wa kushoto, sikuuona. Penye matuta Mutua alipunguza mwendo, nami nikawa nakanyaga sakafu kana kwamba nina breki na mafuta mguuni.

"Umeshamwambia ukweli," Mutua akasema tukipita Gede. "Sasa mwachie Mungu."

"Nilimwambia ukweli baada ya uongo, Mutua. Uongo ndio uliomchoma sindano."

Hakubisha. Nadhani alijua nina haki ya kujilaumu, na mtu akikunyang'anya haki hiyo unabaki huna hata hiyo.

Tuliingia Malindi saa kumi na dakika tano. Nilimwelekeza vichochoro mpaka pikapu ikashindwa kupita, nikashuka nikakimbia. Mlango wa Mama Rukia ulikuwa wazi nusu. Nikabisha hodi, kimya. Nikasema "Hodi" tena. Kimya.

Nikaingia bila kukaribishwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwenye nyumba hiyo tangu siku ya kwanza.

Mama Rukia alikuwa amelala mkekani ubavu, kama vile nilivyomwona njiani. Bi Salma alikuwa amekaa kichwani pake anampepea. Nilisimama pale pale. Bi Salma akaweka kidole mdomoni.

"Nilikusikia hodi, sikuitika nisimwamshe," akanong'ona. "Amechoka tu."

Mguu mmoja wa Mama ulitikisika, akafumbua macho. "Saumu? Mbona hukubisha hodi?"

Nilianguka magotini nikamshika mkono nikaubusu. Ulikuwa na joto. Alinipapasa kichwani akaniambia nina vumbi kama gunia la mkaa.

Bi Salma ndiye aliyenieleza. Alikuwa kwenye swala simu ikaachwa chumbani, aliusoma ujumbe wangu saa saba na dakika ishirini. Alitoka bila viatu na bila simu. Alimkuta Mama amekaa kitako mbele ya sinia lililofunikwa, jasho linamtiririka, anamwita Bi Salma kwa jina la marehemu dada yake mwenyewe. Bado aliweza kumeza. Akamnywesha maji yenye sukari nyingi, taratibu, kikombe kizima, akangoja mpaka macho yakatulia. Kisha akafunua kawa.

"Akakataa," Bi Salma akasema. "Mikono inatetemeka na bado anakataa. Anasema upande wa Saumu uko wazi. Nikamwambia Saumu ameniandikia nikae mimi. Nikamrudia neno kwa neno, mimi mgeni nimesema. Nikakaa hapo. Ndipo akasema bismillahi."

"Nilisoma ujumbe wako," Mama akasema, na uso wake haukuwa wa kuomba radhi. "Wa kwanza na wa pili. Nikasema huyu mtoto ana haya, mtu mzima haanzi kwa sababu mtoto ana haya. Lakini ulipompa mtu mahali pako, hapo nikaelewa kwamba huna haya, una hofu."

"Simu ilikuwa inaita, mama. Niliita mpaka nikachoka."

"Simu niliiacha chumbani nilipokwisha kusoma. Tulikuwa tunakula, kisha nikalala." Alinitazama kidogo. "Na ile ya asubuhi, ya Kilifi. Kwa nini?"

Nilimwambia sijui, nilizoea tu. Akatikisa kichwa polepole, akasema yeye alihesabu sindano kwa neno langu kama anavyohesabu kwa saa ya ukutani. Hakupandisha sauti. Nililia mpaka Bi Salma akasema basi, utamtia wasiwasi bure.

Kisha njaa ikanishika, njaa ya tangu asubuhi, na Mama akaijua kabla sijasema. Alimwonyesha Bi Salma kwa kidevu, Bi Salma akalivuta sinia kutoka ukutani akafunua kawa.

Lilikuwa tupu. Upande wa Mama ulikuwa umebaki punje chache za wali. Upande wangu, ule wa mgeni wenye nyama nono, Bi Salma alikuwa ameusafisha mpaka chini, amebakisha mifupa ya kuku tu, imepangwa vizuri pembeni.

"Ulisema nikae upande wako," Bi Salma akasema, akitazama sakafu. "Sikujua mpaka wapi."

Nilicheka nikilia. Sijawahi kuona sinia tupu likanifurahisha vile, na nilikaa chini upande wangu nikaguguna mifupa.